Mwanga ulioanguka mita 22 na nusu

Mwaka 1960, Robert Pound na mwanafunzi wake Glen Rebka wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza kwamba wamepima nishati ambayo mwanga huongezewa na mvutano wa dunia unapoanguka kutoka juu ya mnara hadi chini. Einstein alikuwa ameitabiri zamani. Tatizo lilikuwa udogo wake, kwa sababu mnara wao ulikuwa na urefu wa mita 22.5 tu. Kwa urefu huo nishati huongezeka kwa sehemu mbili na nusu katika kila sehemu milioni bilioni. Ukipima umbali wa kutoka hapa hadi kwenye jua kwa uhakika wa namna hiyo, hutakosea hata nusu milimita.

Kipimo chao kilikuwa kiini cha atomu ya chuma, isotopu iitwayo chuma-57. Kiini hiki kikiwa kimesisimka hutulia kwa kutoa mwali wa gama wenye nishati ya elektronivolti 14,400. Kiini kingine cha aina hiyohiyo kinaweza kuumeza mwali huo, ila ni mchaguzi mno: nishati ikipungua au kuzidi kwa zaidi ya sehemu chache za bilioni za elektronivolti moja, mwali unapita zake.

Uchaguzi huo ndio uliowasumbua wanafizikia kwa miaka mingi. Anayeruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini huusukuma mtumbwi nyuma, na sehemu ya nguvu yake hupotelea huko. Kiini kilicho huru hurudi nyuma vivyo hivyo kinapotoa mwali, na mwali huondoka ukiwa umepungukiwa elektronivolti 0.002 hivi. Kiini kinachoupokea nacho husukumwa, kikachukua kiasi kama hicho tena. Kwa macho ya kawaida hasara hiyo si kitu, lakini ni kama mara 400,000 ya upana ambao kiini cha chuma kinaweza kuuvumilia. Kwa hiyo mwali na kiini havipatani kabisa.

Aliyepata njia ni Rudolf Mössbauer, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya udaktari mjini Heidelberg. Alikuwa akitumia iridi-191, akaipoza sana akitarajia umezaji upungue. Badala yake uliongezeka. Maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1958, ni kwamba atomu iliyo ndani ya fuwele haiko huru. Imefungamana na jirani zake, na fuwele haipokei mtikisiko wa kiasi chochote kile. Hupokea kwa mafungu maalumu tu. Nishati ya kurudi nyuma ikiwa ndogo kuliko mafungu hayo, mara nyingi hakuna fungu linalochukuliwa. Hapo msukumo hubebwa na fuwele nzima, yenye uzito wa matrilioni kwa matrilioni ya atomu, na hasara ya mwali inakuwa kama haipo. Ndiyo maana njia hii haifanyi kazi katika gesi, wala kwa miali yenye nishati kubwa mno. Mössbauer alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1961.

Pound na Rebka waliweka chanzo cha kobalti-57, ambayo huoza na kuacha chuma-57 kilichosisimka, upande mmoja wa mnara, na bamba za chuma za kumeza miali upande wa pili. Njia ya katikati waliijaza heliamu ndani ya mfuko mrefu, maana hewa ingeimeza miali mingi. Kisha walikisogeza chanzo. Chanzo kikienda kuelekea bamba, nishati ya mwali hupanda kidogo. Kikirudi nyuma, hushuka. Ongezeko la mvutano wa dunia hufutwa na mwendo wa mikromita 0.7 kwa sekunde, yaani chini ya milimita tatu kwa saa nzima.

Hata hivyo badiliko walilolitafuta lilikuwa dogo mara mamia kuliko upana wa mstari wenyewe. Hawakulitafuta kileleni, ambako umezaji haubadiliki sana, bali ubavuni, ambako badiliko dogo la nishati hubadilisha idadi ya miali inayopenya. Iliyobaki ni subira ya kuhesabu: hesabu ya miali milioni moja huyumba yenyewe kwa kama elfu moja, hivyo ilibidi wahesabu mingi sana.

Adui mkubwa alikuwa joto. Tofauti ya nyuzi moja tu ya Selsiasi kati ya chanzo na bamba huleta badiliko linalokaribia lile la mnara mzima, kwa sababu atomu zenye joto zaidi hutetemeka kwa kasi zaidi. Asiyepima joto la pande zote mbili angeweza kutangaza ushindi wa Einstein kumbe amepima chumba chenye joto. Wao walilipima na kulirekebisha. Pia walibadilishana nafasi za chanzo na bamba, kisha wakachukua tofauti kati ya miali iliyoshuka na iliyopanda, ili kasoro za vifaa vyenyewe zijifute.

Jibu lao lilikubaliana na utabiri, kwa shaka ya asilimia 10. Miaka michache baadaye Pound alirudia kazi hiyo na Joseph Snider, na shaka ikashuka hadi asilimia 1 hivi.