Jina ya fishie ya video: nani anaisoma, na nani haisome

Ku mikutano ya sendika swali hii inarudia kila mara. Mbele ya kupandisha video ku YouTube, tuandike nini mu jina ya fishie? Na zile nafasi za ndani zenye ordinatere inaita «Propriétés», tukizijaza maneno mingi, watu watatupata mbio wakitafuta? Kuko vijana wenye wanalipisha ile kazi ya kujaza, wanasema ati ndiyo siri ya kupanda juu. Bandugu, mbele ya kutosha franka, tuangalie nani anasoma nini.

Tuchukue mufano. Ndugu moja amekamata video ya ufa ku ukuta ya karieri, pembeni ya Kolwezi, pa fasi timu inapita asubui. Ametuma ku WhatsApp ya delege. Delege anaiona na jina hii: VID-20240516-WA0012.mp4. Ile namba ya kwanza ni tarehe 16 mwezi wa 5 mwaka 2024, WA ni WhatsApp, 0012 ni namba ya kufwatana. Lakini muangalie vizuri: ile tarehe ni ya siku video ilipita mu WhatsApp. Haiko lazima siku ya kuikamata. Kama ufa ilionekana tarehe 13 na video ikatumwa tarehe 16, jina ya fishie inaficha siku tatu. Na mu mambo ya usalama, siku tatu ni kintu kikubwa, juu ndizo zinaonyesha nani alijua, na alijua tangu lini.

YouTube inafanya nini na ile jina

Delege akipandisha ile fishie vile iko, YouTube inachukua jina ya fishie na kuiweka pa fasi ya kichwa. Kama hakubadilisha, video itatoka na kichwa «VID-20240516-WA0012». Nani atatafuta vile? Hakuna. Watu wanaandika «ufa karieri Kolwezi», ao kwa Kifaransa «fissure mine Kolwezi». Kwa hiyo jina ya fishie inaweza kuumiza video, lakini paka kama umeiacha ikuwe kichwa.

Ukiisha kuandika kichwa muzuri, jina ya fishie haionekane tena kwa wenye kuangalia. YouTube inaichunga, na mwenye chaneli anaweza kuiona mu YouTube Studio, ku ukurasa wa maelezo ya video. Lakini kuichunga ni kintu kimoja, na kuitumia kwa kupanga majibu ya kutafuta ni kingine. YouTube yenyewe inasema kama, kwa kujua video inajibu swali ya mutu, inaangalia kichwa, maelezo, maneno ya alama (tags) na mambo yenye kuwa mu video. Inasema tena kama zile alama zina kazi kidogo tu, zinasaidia zaidi pale watu wanazoea kukosea kuandika neno. Jina ya fishie haiko mu ile hesabu, na propriete za ndani pia hazimo.

Propriete za ndani ziko na shida ingine. YouTube haimuonyeshe mutu fishie yenye ulituma. Inaifungua, inaikamua upya, inatengeneza nakala za ukubwa mbalimbali kwa telefoni kidogo na kwa televizio. Munaweza kupima wenyewe. Mu ordinatere ya Windows, finya fishie na kidole ya kuume ya suri, ingia «Propriétés», kisha «Détails», na ku «Titre» andika neno yenye haiko fasi ingine. Pandisha ile video, ukiweka kichwa tofauti. Kisha ishushe tena toka mu YouTube Studio, na uangalie «Détails» ya fishie yenye kurudi. Mutaona kama ni fishie mupya, haiko ile yenu.

Wenye kuweka video ku tovuti yao wenyewe, nao Google inawaomba mambo yenye kuwa ku ukurasa: kichwa, picha ya mbele, maneno yenye kuzunguka video. Mutu mwenye kulipisha kwa kujaza fishie, mumuulize: atanionyesha wapi kama inasomwa?

Kwa hiyo nguvu iende ku kichwa na maelezo. Kichwa ya YouTube inapokea herufi 100, maelezo 5000. Kwa mufano wetu: «Ufa ku ukuta ya karieri, Kolwezi, 13 Mei 2024». Mu maelezo, mistari mbili za kwanza ziseme nini inaonekana, pa fasi gani, siku gani, na kisha mambo ile ile kwa Kifaransa, juu inspekta ya kazi atatafuta kwa Kifaransa.

Jina muzuri ni ya kwetu

Basi jina ya fishie tuiache? Hapana. Kuko mashini moja yenye inaisoma kila siku: ordinatere ya biro yetu. Siku avoka anaomba video ya ufa, na mu ordinatere muko video mia tatu zenye kuanza na VID, tutafungua moja moja mpaka usiku. Tukiandika 2024-05-13_kolwezi_ufa-ukuta_01.mp4, tunaandika «ufa» na inatoka. Mwaka inakuwa mbele, kisha mwezi, kisha siku, njo fishie zinajipanga zenyewe kwa kufwatana. Tusiweke jina ya mwenye kukamata video. Ile tunaandika mu kayé yenye kufungwa na ufunguo.

Kile chenye fishie inasema bila kuulizwa

Hapa ndipo hatari iko. Telefoni mingi, kama mwenye hakukataza, zinaandika ndani ya video fasi kamili yenye ilikamatwa. Video yenye kuanza pa mulango ya nyumba inaweza kuonyesha nyumba. WhatsApp ya kawaida inafinya video na kutengeneza fishie ingine. Lakini ukituma kama «Document», fishie inaenda nzima, pamoja na jina yake na mambo yote ya ndani. Dawa ya kwanza ni kufunga kuandika fasi mu reglaje ya kamera, mbele ya kukamata.

Kwa video yenye imeisha kukamatwa, kijana mwenye anajua ordinatere atumie programu ya bure ffmpeg. Amri ya kwanza inasoma, ya pili inatosha nakala safi:

```
ffprobe asili.mp4
ffmpeg -i asili.mp4 -map_metadata -1 -c copy safi.mp4
```

Asome tena safi.mp4 na ffprobe. Kama neno «location» ilikuwa na sasa haiko, kazi imefanyika. Picha haiharibike, juu -c copy haigusi picha.

Mu asili.mp4 ataona tena «creation_time», yenye kuishia mara mingi na herufi Z. Ile saa haiko ya Kolwezi, ni ya UTC, na sisi tuko masaa 2 mbele. Video ya saa mbili asubui itaandikwa 06:00. Mutu asiseme ushahidi wenu ni wa uongo juu ya ile tofauti, mujue kuieleza.

Nakala safi iende ku YouTube. Ile ya asili isiguswe, isifutwe, iwekwe fasi mbili, juu siku ya kujibu mbele ya inspekta, ndiyo yenye itabeba saa na siku ya kweli.