Mstari Mwekundu wa Haidrojeni

Tarehe 30 Juni 1973 Jua lilifunikwa lote juu ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Kupatwa kamili kwa aina ile kuna kitu ambacho wengi hukikosa kwa sababu hudumu sekunde chache tu: mwanga mkali unapokatika, na tena muda mfupi kabla haujarudi, ukingo wa Mwezi huzungukwa na utepe mwembamba wa rangi nyekundu inayoelekea waridi. Ule ni mwanga wa haidrojeni iliyo juu kidogo ya uso wa Jua, na wekundu wake unatokana hasa na tukio moja linalorudiwa mara zisizohesabika: elektroni ya atomi ya haidrojeni inashuka kutoka ngazi ya tatu ya nishati hadi ngazi ya pili.

Rangi hiyo inaweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi.

Nyekundu hiyohiyo hupatikana maabara. Haidrojeni kidogo hutiwa ndani ya neli ya kioo iliyoondolewa hewa, kisha umeme wa volti elfu kadhaa hupitishwa humo. Neli hung'aa waridi. Mwanga wake ukipitishwa kwenye mche wa kioo hautoi utepe wa rangi zote kama upinde wa mvua. Hutoa mistari michache iliyotengana, na giza katikati yake: mmoja mwekundu, mmoja wa buluu inayoelekea kijani, na miwili ya zambarau. Mwekundu ndio unaowaka kuliko yote, na urefu wa wimbi lake ukipimwa hewani ni nanometa 656.28. Nanometa moja ni sehemu ya bilioni moja ya mita.

Kwa nini mistari, na kwa nini pale na si mahali pengine? Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa hisabati katika shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi, alikuwa na umri wa miaka 60. Alizichukua namba nne zilizopimwa na Mswidi Anders Ångström akazitafutia mpangilio. Aligundua kwamba zote hutoka kwenye namba moja, nanometa 364.56, ikizidishwa kwa sehemu rahisi. Kwa mstari mwekundu sehemu hiyo ni 9/5, na jibu ni 656.21, sawasawa na alichopima Ångström, na chini ya sehemu ya kumi ya nanometa kutoka kipimo cha leo. Balmer hakujua kwa nini kanuni yake ilifanya kazi. Atomi yenyewe haikuwa imeeleweka, na elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa.

Maelezo yalikuja mwaka 1913 kutoka kwa Mdenmaki Niels Bohr, aliyekuwa na miaka 27. Alisema elektroni ya haidrojeni haiwezi kuwa na nishati yoyote ile. Ina ngazi zake maalumu, zilizopewa namba 1, 2, 3 na kuendelea, na nishati ya kila ngazi ni hii:

E = -13.6 / n²

Hapa n ni namba ya ngazi, na kipimo cha nishati ni elektrovolti, kinachotumika sana katika mambo ya atomi kwa kuwa jouli ni kubwa mno. Fizikia ya atomi imeendelea mbali tangu Bohr, na picha yake ya elektroni inayozunguka kiini kama sayari imeachwa, lakini kanuni hii imebaki.

Alama ya kutoa huwasumbua wanafunzi wengi, nayo si pambo. Ichukuliwe kama deni. Elektroni iliyo huru, mbali kabisa na kiini, haidaiwi kitu. Nishati yake ni sifuri. Iliyokaa ngazi ya kwanza inadaiwa elektrovolti 13.6, na haiondoki mpaka mtu ailipie zote. Ngazi ya pili inadaiwa 13.6 gawanya kwa 4, yaani 3.40. Ngazi ya tatu inadaiwa 13.6 gawanya kwa 9, yaani 1.51. Kadiri elektroni inavyopanda ndivyo deni linavyopungua.

Sasa hesabu yenyewe. Elektroni ikishuka kutoka ngazi ya 3 hadi ya 2, deni lake linapanda kutoka 1.51 hadi 3.40. Tofauti ni elektrovolti 1.89, na haipotei: inaondoka na fotoni, yaani chembe moja ya mwanga. Tofauti hiyo ndiyo nishati yote ya fotoni, haizidi wala haipungui. Mtu akitoa kwa mpangilio mwingine atapata -1.89, na hapo alama inasema tu kwamba atomi imepoteza nishati. Fotoni yenyewe haina nishati hasi.

Imebaki kugeuza nishati kuwa urefu wa wimbi. Nishati ya fotoni ni namba ya Planck mara kasi ya mwanga, gawanya kwa urefu wa wimbi. Kwa hiyo:

λ = hc / E

Anayefuata njia ya shuleni ataanza kwa kubadili 1.889 kuwa jouli, akizidisha kwa 1.602 × 10⁻¹⁹, na kupata 3.026 × 10⁻¹⁹. Kisha atazidisha 6.626 × 10⁻³⁴ kwa 2.998 × 10⁸, apate 1.986 × 10⁻²⁵, na kugawanya. Jibu ni mita 6.56 × 10⁻⁷, yaani nanometa 656. Wanaofanya kazi hii kila siku hukata njia: wanajua kwamba hc ni karibu 1240 ikiwa nishati iko katika elektrovolti na urefu katika nanometa, hivyo hugawanya 1240 kwa 1.89 na kumaliza.

Makosa ya hesabu hii yanajulikana, na mengine hujificha vizuri. Anayesahau kubadili elektrovolti kuwa jouli hupata karibu mita 10⁻²⁵, urefu mdogo kuliko hata kiini cha atomi. Huyo hujigundua mara moja. Hatari zaidi ni kusahau kuzidisha n kwa yenyewe. Ukigawanya 13.6 kwa 2 na kwa 3 badala ya 4 na 9, tofauti ni 2.27 na urefu wa wimbi ni nanometa 547. Hiyo ni rangi ya kijani, mwanga unaoonekana kabisa, na jibu linapendeza machoni. Ila haidrojeni haina mstari hapo. Mwingine huchukua nishati ya ngazi moja tu, 3.40, akapata nanometa 365 za urujuanimno. Kosa la tatu ni kutoa urefu wa wimbi mmoja kutoka mwingine. Nishati ndizo hutolewa; urefu wa mawimbi hautolewi hivyo, kwa sababu nishati ikiongezeka urefu hupungua.

Kipo kipimo cha haraka cha kujikagua. Elektroni yoyote inayotua ngazi ya 2 hutoa urefu wa wimbi kati ya nanometa 365 na 656, na huo mwekundu ndio mrefu kuliko wote. Inayotua ngazi ya 1 hutoa kati ya 91 na 122, urujuanimno ambao jicho haliuoni. Jibu likiangukia nje ya mipaka hiyo, rudi kwenye hatua ya kutoa.

Kwa mtihani wa kidato cha sita, 656 inatosha. Mambo hunoga mtu anapodai tarakimu zaidi. Ukitumia namba kamili, 13.6057 na 1239.84, unapata nanometa 656.11. Kipimo cha maabara, kama tulivyoona, ni 656.28. Tofauti ni ndogo, lakini vifaa vya kupimia mwanga huiona bila shida, na haiwezi kusingiziwa makosa ya kusoma.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba namba 13.6057 inachukulia kiini kuwa kizito kiasi cha kutotikisika. Protoni ni nzito kuliko elektroni mara 1836, si mara zisizo na mwisho, hivyo nayo inasogea kidogo elektroni inaposogea. Marekebisho yake ni kuzidisha nishati kwa 1836/1837. Urefu wa wimbi unapanda hadi nanometa 656.47. Ya pili ni hewa: mwanga husafiri polepole kidogo hewani kuliko kwenye ombwe, na wimbi hufupika. Ukigawanya 656.47 kwa 1.00028, unatua kwenye 656.28.

Marekebisho ya kwanza yaliwahi kumpa mtu Tuzo ya Nobel. Kama uzito wa kiini unahamisha mstari, basi haidrojeni yenye kiini kizito zaidi, cha protoni moja na neutroni moja, ingepaswa kuwa na mstari wake mwekundu kando kidogo. Uzito wake ukiwa mara 3670 ya elektroni, hesabu inaupeleka kwenye 656.10 hewani, nanometa 0.18 upande wa mawimbi mafupi. Mwishoni mwa mwaka 1931 Harold Urey, wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alijua mahali pa kuangalia. Shida ilikuwa kwamba atomi nzito ni moja tu katika elfu kadhaa, na mstari wake ni hafifu mno. Mwenzake Ferdinand Brickwedde aliyeyusha haidrojeni kuwa kimiminika, akaiacha ichemke hadi ikabaki kidogo, kwa kuwa atomi nyepesi hutangulia kuondoka. Katika masalia hayo, kwenye bamba za picha, mstari hafifu ulionekana pale hesabu iliposema. Ndivyo deuteri ilivyogunduliwa, na Urey akapewa Nobel ya kemia mwaka 1934.

Kanuni hii ina mpaka wake. Inafanya kazi pale tu palipo na elektroni moja. Heliamu ya kawaida ina mbili, nazo husukumana, na kanuni ya Bohr haiwezi kutabiri mistari yake. Heliamu iliyonyang'anywa elektroni moja, kwa upande mwingine, hutii: nishati zake ni zile za haidrojeni mara nne.

Kwa hiyo msomaji akiombwa jibu la tarakimu tatu, aandike 656 na kwenda zake. Akiombwa tano, asiandike 656.11. Namba hiyo inakaribiana mno na mstari wa deuteri hewani, na itamfanya aonekane ametaja atomi nyingine. Aandike 656.47 kama ni kwenye ombwe au 656.28 kama ni hewani, na aseme wazi ni ipi.