Meilleur au mieux? Kizuri na vizuri vitakuongoza

Kulinganisha vitu kwa Kifaransa huanza kwa urahisi. Unaweka *plus* kabla ya kivumishi na *que* kabla ya kile unacholinganisha nacho: *Le Nil est plus long que le Congo*, yaani Naili ni mrefu kuliko Kongo. Mwanafunzi akishazoea hivyo, siku moja anaandika *plus bon*, na daftari linarudi na mstari mwekundu.

*Bon* haliongezewi *plus* namna hiyo. Linageuka kuwa *meilleur*. *Bien* nalo linageuka kuwa *mieux*. Kukariri jozi hizi mbili si kazi. Kazi ni kujua lini utumie ipi, na hapo anayesema Kiswahili ana msaada mkononi. Tunasema mchuzi mzuri, chakula kizuri, lakini mama anapika vizuri. La kwanza linafuata nomino yake na kubadilika nayo, la pili linaeleza kitendo na halibadiliki. *Bon* ni lile la kwanza, *bien* ni hili la pili.

Tuwalinganishe mama na shangazi jikoni. *Ma mère cuisine bien*: mama anapika vizuri. *Sa sauce est bonne*: mchuzi wake ni mzuri. Sasa shangazi anaingia: *Ma mère cuisine mieux que ma tante*, na *sa sauce est meilleure que celle de ma tante*. Angalia *e* ya mwisho katika *meilleure*. Imekuja kwa sababu *sauce* ni nomino ya kike, na michuzi ikiwa mingi, *s* nayo inaongezeka. *Mieux* halina habari na hayo yote.

Ukitaka kusema mama hana mpinzani, ongeza *le* au *la*: *Sa sauce est la meilleure de la famille*. Neno linalotangulia familia ni *de*. Wengi huweka *dans*, na ni kosa. Lakini kwenye kitendo ni *C'est ma mère qui cuisine le mieux*. Mama ni mwanamke, hata hivyo *la* haiingii, kwa kuwa *le mieux* limeshikana na kupika, si na mpishi.

Zipo sehemu chache ambapo kipimo hiki kinayumba. *Ça sent bon*, kunanukia vizuri, hutumia *bon* ingawa linafuata kitenzi, na ukilinganisha utasema *ça sent meilleur*. Halafu kuna *c'est*: ukionja mchuzi unasema *c'est bon*, ukisifu jambo lililofanyika unasema *c'est bien*. Kwa hiyo shangazi akipunguza chumvi, ukiwa unasifu uamuzi wake utamwambia *c'est mieux*. Ukiwa umeshaonja na ladha imekukolea, *c'est meilleur*.