Maji ya Mvua Ndani ya Petroli

Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 750, na lita ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo maji yakiingia kwenye tangi la kituo cha mafuta huzama na kutulia chini. Njia yao kubwa wakati wa masika ni mdomo wa kujazia tangi, ulio ndani ya shimo lenye mfuniko wa chuma. Mvua ikifurika, shimo hujaa. Mpira wa kizibo ukiwa umechakaa, maji hupenya.

Bomba la pampu hufyonza mafuta juu kidogo ya sakafu ya tangi, hivyo maji machache huweza kukaa pale bila kumfikia mteja. Hatari ni yakiongezeka hadi kwenye mdomo wa bomba, au lori likishusha mzigo mpya na kuyavuruga. Ni busara kutojaza mafuta lori likiwa bado linashusha.

Gari lililouziwa maji mara nyingi huondoka kituoni salama, maana kwenye mipira yake bado mna petroli safi. Mwendo mfupi mbele huanza kukwamakwama, kisha huzima. Fundi akichota mafuta kutoka chini ya tangi na kuyaweka kwenye chupa angavu kwa dakika chache, maji hujitenga chini na mstari huonekana wazi. Mwenye shaka adondoshe rangi ya chakula: hukolea kwenye maji tu, petroli haiishiki.

Hapo ndipo wengi hukimbilia chupa za dawa ya kukausha maji. Nyingi ni alkoholi, hasa isopropanoli. Haikaushi chochote: alkoholi hushikana na maji na pia na petroli, hivyo matone huyeyuka ndani ya mafuta na kuungua pamoja nayo. Kwa unyevu uliojikusanya kwenye tangi lililokaa nusu tupu, inafaa kweli.

Mambo hubadilika maji yakiwa mengi. Tuseme tangi la lita 40 lina lita moja ya maji, kisha ikamiminwa chupa ya mililita 350. Alkoholi hupenda maji kuliko petroli. Sehemu yake huiacha petroli na kushuka chini. Badala ya lita moja ya maji, sasa chini kuna zaidi ya lita moja ya maji yenye alkoholi, nayo bado hayawezi kuendesha injini. Pesa imepotea, na kielelezo cha kumwonyesha mwenye kituo kimeharibika.

Dawa ya hali hiyo ni kutowasha gari tena, kumwaga tangi lote, kusafisha mipira na kubadilisha filta. Kwenye pikipiki ya kabureta, fundi hulegeza pia skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta mpaka itoke petroli tupu. Risiti na chupa ya sampuli vitunzwe. Kituoni, fimbo ya kupimia hupakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, ikatumbukizwa hadi sakafuni mwa tangi. Urefu wa rangi iliyobadilika ndio kina cha maji yaliyomo.