Kujaa na Kupwa: Istilahi na Maana Yake

Mwanafunzi wa Majengo, Songea, huenda hajaiona bahari, na ziwa la jirani halimsaidii. Huko Mbamba Bay, Ziwa Nyasa huongezeka wakati wa masika na kupungua kiangazi. Kujaa kuletwako na mwezi ni kudogo mno kusionekane kwa macho. Kwa hiyo mwanafunzi huyo hutegemea maneno ya kitabu peke yake, na maneno yakipotoka, elimu hupotoka.

Vitabu vingi husema kwamba mwezi huvuta maji. Sentensi hiyo haitoshi, kwani yaeleza kujaa mara moja tu kwa siku. Jambo linalohusika ni tofauti ya mvuto. Maji yaliyoelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia kwa kadiri ya sehemu 3 katika 100; yale ya upande wa pili huvutwa pungufu kwa kadiri hiyo hiyo. Ya kwanza huitangulia dunia, ya pili huachwa nyuma, na pande zote mbili maji huinuka. Dunia izungukapo, kila pwani hupitia miinuko yote miwili.

Mwezi nao husogea katika njia yake, hivyo baina ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25. Maji yakijaa Dar es Salaam saa 10 alfajiri, hupwa saa 4 asubuhi na kitu, hujaa tena saa 10 na dakika 25 jioni, na kesho yake alfajiri hujaa saa 10 na dakika 50. Huu ni wastani. Nchi kavu na vina vya bahari hubadili saa hizo.

Mvuto wa jua juu ya dunia ni mara 180 hivi ya ule wa mwezi, lakini kwa kuwa jua liko mbali sana, tofauti yake baina ya upande na upande haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, nguvu hizo mbili husaidiana: ndiyo bamvua, ambayo kilele chake huchelewa siku moja au mbili. Mwezi uwapo nusu, hupingana: ndiyo maji mafu. Dar es Salaam, maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Maji mafu, karibu mita 1.

Mfasiri asiyejua bamvua aweza kuandika "maji ya majira ya kuchipua", akidhani Kiingereza kinataja msimu. Bamvua haina msimu. Huja mara mbili kila mwezi. Vivyo hivyo, maji mafu si maji yaliyotuama: hujaa na kupwa, ila kidogo. Wavuvi wa pwani wametuachia istilahi zilizo kamili. Kazi yetu ni kuzitumia mahali pake.