Dakika Moja Baada ya Kwaheri

Siku mbili kabla ya Idi, mfumo wa tiketi wa kampuni moja ya mabasi niliyokuwa nikiihudumia uligoma saa tatu asubuhi. Abiria waliingia, wakachagua safari, kisha ukurasa ukabaki mweupe. Seva haikuwa imezidiwa, kwani prosesa ilitumika chini ya robo na kumbukumbu ilikuwa tele. Kwenye logi kulikuwa na kosa moja tu lililojirudia maelfu ya mara: `Cannot assign requested address`, yaani anwani uliyoomba haipatikani. Nikaiuliza mashine ina miunganisho mingapi iliyokwisha kufungwa lakini bado haijaondoka. Jibu lilikuwa hili:

```
$ ss -tan state time-wait | wc -l
28226
```

Mazungumzo zaidi ya elfu 28 yalikuwa yamekwisha. Hayakuwa yakibeba hata herufi moja, lakini kila moja lilikuwa limekalia nafasi yake na kukataa kuiachia. Hali hiyo huitwa TIME_WAIT, na fundi anayekutana nayo kwa mara ya kwanza huiona takataka na kutafuta ufagio. Nami asubuhi ile nilitafuta ufagio. Ili kuona kwa nini si takataka, lazima tutazame jinsi kompyuta mbili zinavyoagana.

TCP ndiyo itifaki inayobeba kurasa nyingi za wavuti, barua pepe na mengi ya mambo tunayofanya mtandaoni. Kazi yake ni kuhakikisha kila baiti inafika, na inafika kwa mpangilio wake. Kila upande hutoa namba kwa data unayotuma, na mwenzake hujibu kwamba ameipokea. Jibu lisipofika, data hutumwa tena. Utaratibu huo huo hutumika wakati wa kuagana. Tuseme mashine A ndiyo inayotaka kuondoka kwanza. Inatuma pakiti yenye alama ya FIN, maana yake "mimi sina la kuongeza." B inajibu kwa ACK, "nimesikia." B ikimaliza yake, nayo inatuma FIN, na A inajibu kwa ACK ya mwisho. Hapo wameagana.

Tatizo limejificha kwenye hiyo ACK ya mwisho. Ni neno la mwisho katika kuagana, nalo halijibiwi. A imeituma, lakini haina njia ya kujua kama imefika. Ikipotea njiani, B itabaki inangoja, na baada ya muda mfupi itadhani kwamba FIN yake ndiyo iliyopotea, hivyo itaituma tena. Kama A imekwisha kufuta kila kumbukumbu ya mazungumzo, itaipokea FIN hiyo kama hodi ya mtu asiyemfahamu, na itajibu kwa RST, ambayo ni ukataji wa ghafla. Programu iliyo upande wa B inaweza kuandikiwa kosa, ingawa data yote ilifika salama. Ndiyo maana A hubaki mlangoni. Ikisikia FIN ile kwa mara ya pili, inarudia ACK yake, na B inaondoka kwa amani. Kazi ya kungoja humwangukia yule aliyeaga kwanza, na jambo hilo tutalirudia.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, na ndiyo inayosahaulika. Fikiria sanduku la posta. Mpangaji wa S.L.P. fulani akilirudisha, nalo likapewa mtu mwingine kesho yake, barua zilizokuwa bado safarini zitamfikia mpangaji mpya. Bahasha ni halali na namba ni sahihi, lakini maneno yaliyo ndani si yake. Mtandao nao una barua za namna hiyo. Pakiti inaweza kukwama kwenye rauta iliyofurika, au kuzungushwa huku na huku wakati njia zinabadilika. Mtumaji akichoka kungoja hutuma nakala, nakala inafika, mazungumzo yanaendelea na kwisha, na ile ya kwanza bado iko njiani.

Muunganisho wa TCP hutambulishwa kwa vitu vinne tu: anwani ya IP na poti ya upande mmoja, na anwani ya IP na poti ya upande wa pili. Mazungumzo mapya yakianza mara moja kwa vitu vile vile vinne, pakiti iliyochelewa itakuwa na kila sifa ya kupokewa. Kinachoweza kuizuia ni namba yake ya mfuatano. Namba hizo ziko takribani bilioni 4.3, na mpokeaji hukubali zile tu zilizo ndani ya dirisha lake la wakati huo. Dirisha likiwa la megabaiti 1, pakiti yenye namba ya kubahatisha ina nafasi 1 kati ya 4,096 ya kuangukia ndani. Kwa seva inayofungua mamia ya miunganisho kila sekunde, hiyo si nafasi ndogo. Ikiangukia ndani, hakuna kengele itakayolia, kwa sababu hesabu za ukaguzi wa pakiti ni sahihi na data yenyewe ni nzima. Ila ni data ya mazungumzo yaliyokufa, na sasa imo katikati ya faili la mtu mwingine.

Dawa yake ni kutoruhusu vile vitu vinne vitumike tena hadi kila pakiti ya zamani iwe imekufa. Kiwango cha TCP kilichohaririwa na Jon Postel na kutolewa Septemba 1981 kilikadiria kwamba pakiti haiwezi kuishi mtandaoni zaidi ya dakika 2, kisha kikaamuru kungoja mara mbili ya muda huo, yaani dakika 4. Mara mbili kwa sababu kuna safari mbili za kuhesabu: ACK ya mwisho huenda ikatumia uhai wake wote kwenda, na FIN inayorudiwa ikatumia wake wote kuja. Linux haingoji kiasi hicho. Muda wake ni sekunde 60, nao umeandikwa ndani ya kiini chenyewe cha mfumo, hivyo hakuna mpangilio wa kuubadilisha. Mafundi wengi hupunguza `net.ipv4.tcp_fin_timeout` wakiamini wamefupisha TIME_WAIT, ilhali mpangilio huo unahusu hatua nyingine iliyotangulia, FIN_WAIT_2.

Sasa turudi kwenye mabasi. Palikuwa na mashine mbili. Ya mbele, 10.0.0.5, ilipokea abiria. Ya nyuma, 10.0.0.9, ilijibu maswali ya viti na nauli kwenye poti 8080. Kila swali, hata dogo kiasi gani, lilifunguliwa muunganisho mpya, likajibiwa, kisha mashine ya mbele ikaukata. Katika vitu vinne vya utambulisho, vitatu havikuwahi kubadilika. Kilichobadilika ni poti ya mashine ya mbele peke yake, na Linux kwa kawaida huchagua poti hizo kati ya 32768 na 60999. Jumla ni poti 28,232. Kila moja ikishatumika hulala sekunde 60. Gawanya, utapata miunganisho 470 kwa sekunde, na zaidi ya hapo hakuna poti iliyobaki. Ukurasa mmoja wa kutafuta safari ulikuwa ukiuliza maswali 15, kwa hiyo kurasa 32 tu kwa sekunde zilitosha kutufikisha ukutani. Siku za kawaida hatukuwahi kukaribia hapo. Siku mbili kabla ya Idi tulifika.

Ushauri wa kwanza tulioupata ulikuwa kuwasha `net.ipv4.tcp_tw_recycle`. Nashukuru hatukuufuata, kwa sababu mpangilio huo uliwaumiza watu wengi kabla haujaondolewa kabisa kwenye Linux 4.12 mwaka 2017. Uliharakisha kuziachia nafasi kwa kukumbuka mhuri wa wakati wa mwisho kutoka kila anwani ya IP, na hodi yoyote iliyokuja na mhuri wa nyuma zaidi ikatupwa kimya kimya. Sasa fikiria wateja wa simu za mkononi. Mara nyingi maelfu yao hutoka kwa anwani moja ya IP ya kampuni ya simu, na kila simu ina hesabu yake ya wakati. Simu yangu ikiwa mbele ya yako, hodi yako inatupwa. Dalili yake ilikuwa ya kutesa: watu wawili wameketi benchi moja na laini za mtandao mmoja, mmoja anaingia kwenye tovuti na mwingine haingii, na seva haionyeshi kosa lolote.

Uko ndugu yake aliyebaki, `net.ipv4.tcp_tw_reuse`, naye ana adabu zaidi. Anahusu miunganisho ambayo mashine yenyewe inaifungua, na anairuhusu poti itumike tena pale tu mihuri ya wakati inapoweza kuitenga pakiti ya zamani na mpya. Hata huyo hatukumhitaji. Tulibadilisha programu ya mbele ifungue miunganisho 50 na kuiacha wazi, maswali yakipita humo kwa zamu. Kesho yake abiria walikuwa wengi kuliko jana, na amri ile ile ya `ss` ilihesabu makumi tu. Hatukufupisha kungoja kwa mtu yeyote. Tuliacha tu kuagana mara mia nne kwa sekunde.

Kuhusu nani aage kwanza, hapo mwandishi wa programu ana uamuzi wa kufanya. Wavuti ya miaka ya 1990 ilimfanya seva akate muunganisho kila baada ya ukurasa, hivyo mzigo wote wa kungoja ukamwangukia yeye. Ni bora mteja ndiye akate, kwa kuwa simu yenye miunganisho michache haitasikia uzito wa dakika moja. Na ukiwasha upya seva yako ikakujibu `Address already in use`, mara nyingi ni mabaki hayo hayo yanayoishikilia poti yake. Tiba ni kuweka chaguo la `SO_REUSEADDR` kabla ya kuifungua poti. Usikubali njia ya mkato ya kuagana kwa RST ili kukwepa TIME_WAIT, maana data ambayo mwenzako hajaipokea inaweza kupotea pamoja nayo.

Basi ukikuta mistari elfu kadhaa ya TIME_WAIT na poti zako bado zipo, iache. Baada ya dakika moja kila mstari utaondoka wenyewe. Unaopaswa kukutisha ni CLOSE_WAIT unaoongezeka saa baada ya saa. Huo ni upande ulioagwa ambao haujaaga. Hauna saa ya kuuondoa, na utabaki hapo hadi programu iliyosahau kufunga irekebishwe au izimwe.