Oda Iliyoghairiwa na Malipo Yaliyochelewa

Duka moja la mtandaoni lina jozi moja tu ya viatu namba 41. Saa nne na dakika mbili asubuhi mteja anaviagiza, anapata ombi la malipo kwenye simu na kuingiza namba ya siri. Mtandao unasuasua, jibu halirudi. Saa nne na dakika tano anakata tamaa na kubonyeza "Ghairi". Viatu vinarudishwa kwenye hesabu ya stoo, na dakika mbili baadaye mtu mwingine anavinunua. Saa nne na dakika tisa ujumbe wa malipo ya yule wa kwanza unaingia: pesa imepokelewa. Programu inaandika kwamba oda imelipwa, na kijana wa stoo anaanza kutafuta viatu ambavyo havipo.

Hakuna mtambo ulioharibika hapo. Kosa ni kwamba hali ya oda ilihifadhiwa kama neno ambalo sehemu yoyote ya programu ingeweza kulibadilisha kuwa neno lolote. Aliyeandika sehemu ya malipo alifikiria malipo tu, na hakuwa na sababu ya kuuliza kama oda bado ipo hai.

Dawa yake inaitwa mashine ya hali. Wahandisi wa saketi waliifanyia kazi zamani. George Mealy aliandika kuihusu mwaka 1955 na Edward Moore mwaka 1956. Kwa muuza duka, maana yake ni kutaja hali zote ambazo oda inaweza kuwa nazo, kisha kuandika kutoka kila hali inaruhusiwa kwenda wapi:

```
INASUBIRI_MALIPO -> IMELIPWA, IMEGHAIRIWA
IMELIPWA         -> IMEFUNGASHWA, IMEGHAIRIWA
IMEFUNGASHWA     -> IMETUMWA, IMEGHAIRIWA
IMETUMWA         -> IMEFIKA, IMERUDI
```

Hali ni saba, kwa hiyo mabadiliko yanayoweza kufikirika ni 42. Yanayoruhusiwa ni manane. Mengine yote yanakataliwa bila mtu kuyaorodhesha, na kwangu hiyo ndiyo nguvu kubwa ya mpango huu. IMEFIKA, IMERUDI na IMEGHAIRIWA hazina njia ya kutokea; oda ikifika hapo imefungwa. Mzigo ukishapanda bodaboda hauwezi kughairiwa tena, unaweza tu kufika au kurudi.

Orodha pekee haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Programu ikisoma hali kwanza, ikaona INASUBIRI_MALIPO, kisha ikaandika IMELIPWA, kuna upenyo kati ya kusoma na kuandika. Ughairi unaweza kupita katikati, kila upande ukiamini umekagua. Kwa hiyo sharti liwekwe ndani ya amri yenyewe ya kuandika:

```sql
UPDATE oda SET hali = 'IMELIPWA'
WHERE namba = 4127
  AND hali = 'INASUBIRI_MALIPO';
```

Hifadhidata hurudisha idadi ya mistari iliyobadilika. Ikiwa 1, mpito umefanyika. Ikiwa 0, hakuna oda ya namba hiyo iliyokuwa ikisubiri malipo, hivyo ombi limekataliwa. Jibu hilo lisomwe kila mara. Amri iliyobadilisha mistari 0 haitoi kosa lolote, inapita kimya.

Sasa turudi kwa mteja wetu. Mpito umekataliwa, lakini pesa yake imeshaingia. Kukataa hali mpya si kukana kwamba amelipa. Malipo yanapaswa kuandikwa kwenye jedwali lake, yakiwa na namba ya muamala, kisha kazi ya kumrudishia pesa ianze papo hapo. Urejeshaji huo una hali zake: umeombwa, umetumwa, umethibitishwa. Usichanganywe na hali za oda, la sivyo orodha yetu fupi itavimba kwa maneno kama "imeghairiwa lakini pesa haijarudi".

Wakati mwingine ujumbe uleule wa malipo huja mara mbili, kwa sababu mtumaji hakupata jibu la ule wa kwanza. Hapo pia mistari iliyobadilika ni 0, lakini namba ya muamala tayari imo kwenye jedwali la malipo. Ajibiwe tu kwamba umepokelewa, na asirudishiwe mtu pesa ya bidhaa aliyokwisha kutumiwa. Ndiyo maana namba ya muamala ikaguliwe kabla ya kuamua lolote.

Duka ambalo lina kumbukumbu ya mabadiliko linaweza kujipima leo: litafute oda zote zilizowahi kutoka IMEGHAIRIWA kwenda hali nyingine. Likikuta hata moja, litazame pia ukurasa wa wahudumu wa wateja. Mara nyingi pana kisanduku cha kuchagua hali yoyote, kilichowekwa kwa nia njema ya kusaidia, na kinapita pembeni ya ukaguzi wote. Kiondolewe, na mahali pake viwekwe vitufe vya vitendo ambavyo hali ya sasa inaruhusu: oda iliyofungashwa ioneshe "Tuma" na "Ghairi", basi.